Kumhoji Gavana Kabla Maji Hayajafika

Mhadhara uliotolewa Gisenyi, mbele ya mafundi wa mitambo ya maji na wanafunzi wa ufundi umeme

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo mafundi hulifanya mezani, mbali na mto: kuchukua kidhibiti halisi cha mtambo, kile kile kitakachofungwa kwenye jumba la mashine, na kukiunganisha na mtambo wa kuigiza uliomo ndani ya kompyuta. Kidhibiti hakijui kwamba kinachezewa. Kinaona kasi, kinaona presha, kinatoa amri ya kufungua milango ya maji, na kompyuta inakijibu kama mto ungekijibu. Hayo yote hufanyika kabla ya siku ile ya kufungulia maji kwa mara ya kwanza.

Nitazungumzia kidhibiti kimoja tu, gavana wa turbini. Si yule wa Mkoa wa Magharibi. Huyu ni kasha la chuma lenye kompyuta ya viwandani ndani yake, na kazi yake ni kuhakikisha turbini inazunguka kwa kasi ile ile mzigo ukipanda au ukishuka, ili umeme ubaki kwenye hezi 50.

Nimemchagua kwa sababu ya Sebeya. Mto huu unaoingia Kivu hapa mjini umebeba mitambo mitatu: wa Gisenyi, megawati 1.2, tangu 1957; wa Gihira, megawati 1.8, tangu 1984; na wa Keya, megawati 2.2, tangu 2011. Yote ni midogo, na yote ina tabia moja ambayo watu wengi hawaifikirii. Inapokuwa imeungwa na gridi ya taifa, gavana wake karibu hana kazi. Gridi ni kubwa kuliko yeye, na ndiyo inayoshika hezi 50. Yeye anavutwa tu, kama mtoto aliyeshikwa mkono sokoni. Gavana aliyepangwa vibaya anaweza kukaa miaka kumi kwenye gridi bila mtu kugundua kitu. Atajulikana usiku ule radi inapokata laini na mtambo ukabaki peke yake na mji. Hapo mkono umeachiwa, na mtoto lazima atembee mwenyewe.

Sasa, utampimaje gavana katika hali hiyo? Kwa mtambo halisi ungelazimika kuukata mji kutoka kwenye gridi makusudi, ukawatumia wagonjwa wa hospitali na friji za samaki kama mzigo wa majaribio. Hakuna atakayekuruhusu, na mimi nisingekuruhusu. Kwa hiyo jaribio hilo huandikwa kwenye mkataba, kisha siku ya makabidhiano hupigwa kalamu kwamba “halikuwezekana”. Mezani linawezekana, tena mara hamsini kwa siku.

Tutengeneze mtambo wa mfano. Nimeuchora mwenyewe; si wa Gisenyi, si wa Gihira wala wa Keya, lakini ni wa ukoo wao. Maji yanaanguka mita 100. Bomba kuu lina urefu wa mita 400 na kipenyo cha mita 1. Maji yanapita mita za ujazo 2 kwa sekunde. Ukizidisha na kutoa hasara unapata karibu kilowati 1,700. Turbini inazunguka mara 1,000 kwa dakika.

Ndani ya bomba hilo kuna zaidi ya tani 300 za maji zinazokwenda mita mbili na nusu kwa sekunde. Nataka mkumbuke uzito huo, kwa sababu ndio chanzo cha matatizo yote ya gavana. Maji hayo hayawezi kuongezwa mwendo papo hapo. Kuna kipimo tunachokiita muda wa kuanza kwa maji: unachukua urefu wa bomba, unazidisha kwa mwendo wa maji, unagawanya kwa kimo cha maporomoko na kwa mvutano wa dunia. Kwa mtambo wetu jibu ni sekunde 1.04. Na magurudumu yanayozunguka, yaani turbini pamoja na jenereta, nayo yana muda wake wa kuanza. Tuseme ni sekunde 6. Namba hizi mbili, moja na sita, ndizo roho ya mtambo. Kompyuta inazihitaji, na mengine yote ni mapambo.

Mtambo mzima wa kuigiza, ukiondoa mapambo hayo, unakaa katika mistari mitano. Inarudiwa mara elfu moja kila sekunde:

```
y  = max(y, 0.01)
h  = (q/y)**2
q  = q + dt*(1 - h)/Tw
pm = At*h*(q - qnl)
w  = w + dt*(pm - pe)/(Tm*w)
```

Hapo `y` ni uwazi wa milango, `h` ni presha mbele ya turbini, `q` ni maji yanayopita, `pm` ni nguvu ya turbini, `pe` ni mzigo wa mji, na `w` ni kasi. `qnl` ni maji yanayoliwa na mashine hata ikiwa haina mzigo. `Tw` na `Tm` ni zile namba mbili, moja na sita. Mstari wa kwanza unaonekana wa kijinga, lakini usipouweka, milango ikifunga kabisa kompyuta itagawanya kwa sifuri, mto wako wa kuigiza utapotea, na gavana atapokea takataka. Nimeona watu wakimlaumu gavana asubuhi nzima kwa kosa hilo.

Angalieni mstari wa pili na wa tatu, maana ndipo ulipo ujanja wa maji. Tuseme milango iko nusu, maji yametulia. Gavana anaona kasi imeshuka, anafungua hadi sehemu sita za kumi kwa ghafla. Mlango umepanuka, lakini maji ndani ya bomba bado yana mwendo wa zamani. Presha inaanguka. Ukipiga hesabu, nguvu ya turbini haipandi. Inashuka kwa karibu asilimia 30, kisha ndani ya sekunde moja au mbili inapanda kufikia pale ulipotaka. Milango halisi haiwezi kuruka namna hiyo, kwa hiyo mtikisiko halisi ni mdogo zaidi, lakini haukosekani. Gavana ameomba nguvu zaidi na amepewa pungufu. Akiwa na papara atafungua zaidi, na atapewa pungufu zaidi. Hapo ndipo mashine inapoanza kuyumba.

Basi gavana mzuri wa maji ni yule aliyefundishwa kusubiri. Kusubiri huko tunakupima kwa mwinamo wa muda: kasi ikipotoka kwa kiasi hiki, fungua kwa kiasi kile tu kwanza, yaliyobaki yaje polepole. Kanuni ya mezani inayotumika sana inasema mwinamo huo uwe karibu 2.3 mara muda wa maji, ugawanye kwa muda wa magurudumu. Kwetu ni 0.40. Na yale yaliyobaki yaje kwa muda wa karibu mara tano ya muda wa maji, yaani sekunde 5 na kidogo.

Sasa tuingie kwenye karakana. Juu ya meza kuna kasha la gavana, mlango wake wazi. Pembeni kuna kompyuta ya kuigiza yenye kadi za kuingiza na kutoa umeme. Kati yao kuna nyaya chache, na kila waya ni ahadi. Kwenye mtambo, kasi husomwa kwa gurudumu la meno 60 linalopita mbele ya kihisi. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, kihisi hupiga mapigo 1,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kompyuta inatoa mapigo 1,000 kwa sekunde, na `w` ikishuka mapigo yanapungua. Nafasi ya milango inarudi kwa gavana kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20: nne ni kufungwa kabisa, ishirini ni kufunguka kabisa. Amri ya gavana inatoka kama volti kwenda kwenye vali ya mafuta inayosukuma milango. Halafu kuna waya wa swichi kuu ya jenereta, unaomwambia gavana kama yuko kwenye gridi au yuko peke yake.

Kabla ya kujaribu chochote, chomoa gavana, unganisha tundu la kutoa la kompyuta na tundu lake la kuingiza, tuma mpigo, upime unachukua muda gani kurudi. Ikiwa ni milisekunde 2 au 3, endelea. Ikiwa ni 50, acha, maana utakuwa unampima gavana dhidi ya mto wenye usingizi, na kila yumbo utakaloliona halitajulikana ni la nani.

Jaribio letu la kwanza ni lile la usiku wa radi. Fundi mmoja alikuwa amemwekea gavana mwinamo wa muda wa 0.15 badala ya 0.40, kwa sababu mteja alitaka mashine “yenye nguvu, inayoitikia haraka”. Tuweke namba hiyo. Tuanze na nusu ya mzigo, mashine iko peke yake na mji. Tuongeze kilowati 100. Kasi inashuka, inapanda, inayumba mara mbili tatu, inatulia. Mteja anatabasamu. Anataka kutia saini.

Mwombeni asubiri. Pandisha mzigo hadi kilowati 1,500, uongeze 100 zile zile. Namba za gavana hazijabadilika hata moja. Kasi inashuka, inapanda kupita kiasi, inashuka zaidi ya mwanzo, na kila wimbi la karibu sekunde 4 ni kubwa kuliko lililotangulia. Kwenye mji, taa zingepumua, kisha rilei ya ulinzi ingekata, na giza lingeingia. Kilichobadilika ni maji: kwa mzigo mkubwa yanakwenda kwa kasi zaidi ndani ya bomba, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuyaongezea mwendo. Muda wa maji tuliouhesabu ni wa mzigo kamili. Kwenye nusu ya mzigo ni karibu nusu yake. Ndiyo maana majaribio ya makabidhiano yanayofanywa wakati wa kiangazi, mto ukiwa na maji kidogo, yanaweza kumpa gavana mbaya cheti kizuri. Masika yakirudi Sebeya ikajaa, ndipo ukweli unapojulikana. Rudisha 0.40, rudia jaribio, na mawimbi yanakufa.

Jaribio la pili linachukua sekunde moja. Mashine ya kuigiza iko kwenye mzigo kamili. Nyoosha mkono, uchomoe waya wa nafasi ya milango. Basi.

Nililiona hili mahali ambapo sitapataja. Waya ukichomolewa, miliampea zinakuwa sifuri. Lakini yule aliyeandika programu ya gavana alikuwa amepiga hesabu ya moja kwa moja tu: toa nne, gawanya kwa kumi na sita. Sifuri ikageuka kuwa asilimia 25 chini ya kufungwa. Gavana akaamini milango imefungwa kupita kufungwa, akaamuru ifunguliwe, ikafunguliwa, yeye bado akaona imefungwa, akaendelea kuamuru. Chumba kizima kilinyamaza tukitazama ile namba ya -25 kwenye skrini. Dawa yake ni mstari mmoja: mkondo ukishuka chini ya miliampea 3.6, usiuamini, simamisha mashine. Panya mmoja kwenye mfereji wa nyaya angetosha kutufundisha somo hilo kwa gharama nyingine.

Jaribio la tatu ndilo ambalo kila mtu analiogopa: mzigo wote kukatika mara moja. Swichi kuu inafunguka, kilowati 1,700 hazina pa kwenda, na nguvu yote ya maji inaingia kwenye kasi. Gavana lazima afunge milango. Afunge kwa muda gani?

Akifunga kwa sekunde 8, presha kwenye bomba inapanda kwa karibu mita 14 juu ya zile 100, jambo ambalo bomba linalivumilia bila shida. Lakini mashine inakimbia hadi jirani na mizunguko 1,600. Akifunga kwa sekunde 4, kasi inaishia karibu 1,400, lakini bomba linapata mita 30 za ziada. Ukivuta huku, kule kunafunuka. Namba hizi ni za mistari ile mitano. Turbini halisi hupoteza ufanisi ikikimbia, kwa hiyo kasi yake itakuwa chini kidogo. Lakini uchaguzi ni ule ule, na unapaswa kufanywa na mtu aliyesoma karatasi ya mtengenezaji wa bomba na ya mtengenezaji wa jenereta, akiwa amekaa, akiwa na kalamu. Huko Oigawa, Japani, mwaka 1950, vali ilifungwa haraka mno na bomba likapasuka. Katika bomba letu, maji yakisimamishwa papo hapo, hesabu inaonyesha nyongeza ya zaidi ya mita 250. Hakuna fundi wa kuchomelea aliyejenga bomba kwa ajili ya hiyo.

Mezani tulilipiga jaribio hili mara kumi na mbili mchana mmoja, tukibadilisha muda wa kufunga kwa nusu sekunde. Kwenye mtambo halisi hulipiga mara moja kwa robo ya mzigo, mara moja kwa nusu, mara moja kwa robo tatu, mara moja kwa mzigo kamili, na kila mara kuna mtu amesimama karibu na kitufe chekundu huku midomo imekauka.

Sasa niwaambie lilipotushinda, kwa sababu mkiondoka hapa mkidhani meza inajua kila kitu nitakuwa nimewadanganya.

Tulimpima gavana mmoja mezani hadi tukaridhika. Tukampeleka mtoni. Maji yakafunguliwa, mashine ikapanda hadi kasi yake, na vali ya mafuta ikaanza kulia kama mzinga wa nyuki. Milango haikuyumba kwa macho, lakini baada ya nusu saa tangi la mafuta lilikuwa la moto kiasi cha mkono kukataa. Wengine walisema ni hewa kwenye mafuta, wengine mpangilio wa gavana. Mzee mmoja fundi wa mashine, ambaye hakuwa na habari na kompyuta zetu, aliweka bisibisi kwenye mwili wa vali, akaliweka sikio kwenye mpini, akasema: “Hii inahesabu mizunguko.” Tukapima. Mlio ulikuwa unarudia mara 16 na kitu kwa sekunde. Gawanya 1,000 kwa 60 uone.

Gurudumu la meno 60 lilikuwa limechongwa na mashine ya kawaida, na meno yake hayakulingana. Moja lilikuwa limepondeka wakati wa kusafirishwa. Gavana alikuwa anapima muda kati ya jino na jino, kwa hiyo kila mzunguko aliona kasi ikiruka na kurudi, na ile sehemu yake inayoitikia mabadiliko ya haraka ikawa inaisukuma vali huku na huku bila sababu. Mezani hatukuliona kwa sababu mapigo ya kompyuta yetu yalikuwa sawa kabisa, yasiyo na ila. Tulimpima gavana kwa gurudumu ambalo halipo duniani.

Tulimponya kwa kumfanya apime mzunguko mzima badala ya jino moja. Kumbuka kwamba hilo lina bei: mzunguko mmoja ni milisekunde 60, kwa hiyo sasa anachelewa kiasi hicho, na ilibidi turudi mezani kuhakikisha ule usiku wa radi bado anauweza. Aliuweza. Tangu siku hiyo, kompyuta yangu ina jedwali la namba 60, moja kwa kila jino, na namba hizo nimezipotosha kidogo makusudi. Pia naongeza kelele kwenye miliampea, na naifanya milango ya kuigiza ikwame kidogo kabla ya kusogea, kama milango iliyokula matope. Baada ya mafuriko ya Mei 2023, hakuna mtu wa Rubavu anayehitaji kuelezwa Sebeya inabeba matope kiasi gani.

Na kuna kosa jingine lisilo la waya. Mara nyingi anayeuza gavana ndiye anayeandika mto wa kuigiza. Akikosea urefu wa bomba, anakosea pande zote mbili, na gavana wake anafaulu mtihani aliotungiwa na baba yake. Mto wa kuigiza uandikwe na mtu mwingine, kwa vipimo alivyochukua mwenyewe: urefu wa bomba apime kwa mkanda, na muda wa magurudumu aupate kwa kukata mzigo mdogo na kutazama kasi inapandaje katika sekunde ya kwanza. Kata asilimia 10 ya mzigo. Kama muda ni sekunde 6, kasi itaanza kupanda kwa karibu mizunguko 17 kila sekunde. Ikipanda 25, karatasi ilidanganya, na jedwali lote la mwinamo lihesabiwe upya.

Nina ombi moja kwa wanaoandika mikataba, na najua baadhi yenu mmekaa safu ya nyuma. Gavana hupimwa kwenye karakana ya muuzaji ng'ambo, kisha huletwa, na kompyuta ya kuigiza hubaki kule kule. Miaka minane baadaye kadi inaungua, inabadilishwa, programu inapandishwa toleo, na gavana mwenye akili mpya anafungwa moja kwa moja kwenye mto bila kuulizwa swali hata moja. Andikeni kwamba mto wa kuigiza, pamoja na faili lake, namba zake zote na kadi zake za nyaya, ukabidhiwe pamoja na gavana, na ukae kwenye kabati ndani ya jumba la mashine. Ni kompyuta moja na kadi mbili. Mkishaipata, niiteni, nije na jedwali langu la meno mabovu.